Daftari la kazi za nyumba na mwezi wa wavuvi

Mpala, pale mto Lufuku unapoingia ziwani, kusini ya mji wa Kalemie, mwanaume anayevua ndakala hulala mchana. Usiku wa giza yuko ziwani na taa, kwa sababu samaki hao hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka taa hazifui dafu, ndiyo maana mwezi ukikaribia kujaa wavuvi wengi hukaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu. Familia inayotaka kugawana kazi zilizolala ianze na hesabu hiyo. Tarehe nyingi hupita bure kwa sababu ziliwekwa wakati mwenye kazi yuko majini, au yuko nyumbani lakini hajiwezi kwa usingizi.

Tuchukue mfano wa nyumba ya udongo ambayo paa lake la nyasi lilivuja msimu uliopita. Ni Jumapili, tarehe 24 Agosti 2025. Wamekaa baba mvuvi, mama mkulima wa mihogo, kijana wa miaka 17, binti wa miaka 14, na bibi. Bibi ndiye anaanza kutaja kinachomsumbua, wengine wanafuata, na binti anaandika kwenye daftari la shule: kazi, mwenye kazi, siku, na kile kazi inachongoja. Hiyo safu ya mwisho wengi huiacha, na kwangu ndiyo yenye faida kuliko zote.

Wote wanasema “paa”. Binti asiandike “paa”, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kuamka asubuhi akafanya paa. Kuna kukata nyasi, kuzibeba, kupata kamba, kutoa nyasi zilizooza, kisha kuezeka. Kila moja ina mwenyewe na siku yake, na siku hizo huhesabiwa kwa kurudi nyuma. Mvua hutazamiwa kuanzia Oktoba. Mwezi unajaa tarehe 7 Septemba, na tena tarehe 7 Oktoba, ambapo huenda maji yameshaingia ndani. Kwa hiyo baba anasema mwenyewe: nitaezeka Jumatatu tarehe 8 na Jumanne tarehe 9. Basi nyasi ziwe uani Jumamosi tarehe 6. Kijana anaanza shule wiki ya kwanza ya Septemba, hivyo anachagua kukata kuanzia Alhamisi tarehe 28 hadi Jumamosi tarehe 30 Agosti. Kamba ni za bibi, anayejua magome ya kutumia. Binti atamletea, lakini jina linaloandikwa ni la bibi.

Jina liwe moja hata kama mikono ni mingi. Ukiandika “baba na kijana”, baba atadhani kijana ameshakwenda, na kijana atangoja kuitwa. Mwenye kazi anaruhusiwa kuomba msaada, kwani wajibu wake ni kuona kazi imekwisha. Na siku aitaje yeye mwenyewe. Wengine wamuulize kwa nini amechagua siku hiyo, wasimpangie.

Kuna kazi isiyokubali tarehe ya kalenda. Mama anapoloweka mihogo michungu, kwa kawaida huchukua siku tatu au nne kulainika, na wakati wa baridi huweza kuzidi. Kwenye safu ya siku andika siku ya kuloweka, na kwa kuitoa andika “ikilainika”: mama aibonyeze kwa kidole, na kama bado ni migumu, ingoje. Kuitoa mapema kwa sababu unga umekwisha na daftari linasema Alhamisi kunaacha sumu ndani ya chakula cha watoto. Hapo kazi isitii karatasi.

Kabla ya kufunga daftari, naomba kila familia ifanye jambo moja. Kuteka maji, kupika, kuosha vyombo na kufagia havimo kwenye orodha, kwa kuwa hufanyika kila siku na havilali kamwe. Viandikeni pembeni pamoja na majina. Mara nyingi majina hayo ni ya mama na binti tu. Hapo mtaona kwamba binti aliyeonekana hana kazi kwenye orodha ndiye asiye na saa hata moja ya kusoma, na kazi ya kumletea bibi magome itafutiwe mtu mwingine.

Jumapili tarehe 31 wanakutana tena. Nyasi zimekatwa nusu. Kusogeza tarehe tu hakutoshi, kwani wiki ijayo itasogezwa tena. Kazi iliyoahirishwa mara mbili karibu kila mara inaficha kazi nyingine mbele yake. Baba anauliza, “Inangoja nini?” Kijana anaeleza kwamba panga liliazimwa na jirani Ijumaa asubuhi na halijarudi. Binti anaandika mstari mpya juu ya ule wa nyasi: kufuata panga kwa jirani, mama, leo kabla ya jua kuzama. Kijana anataja siku mpya: Jumatano tarehe 3 Septemba, akitoka shule. Bado zinabaki siku tatu za kubeba.