Feza ya nyumba yakwama London: kwa nini malipo makubwa hupita saa ya mwisho

Juma tatu tarehe 20 mwezi wa kumi 2014, watu wengi Uingereza walikuwa wamefunga mizigo yao ili waingie katika nyumba mpya. Lakini hawakupewa funguo. Banki zao zilikuwa zimepokea amri ya kutuma feza, ila feza haikufika kwa muuzaji.

Malipo makubwa ya namna hiyo hupitia CHAPS, na kila moja huandikwa katika mashini ya Banki Kuu ya Uingereza. Mashini inatoa feza kwenye hesabu ya banki inayotuma na kuiweka kwenye hesabu ya banki inayopokea, malipo moja moja, papo hapo. Yakiisha kuandikwa, hayarudishwi tena.

Siku za kawaida, kinachochelewesha ni hesabu ya banki yenyewe. Tuseme banki ya kwanza ina milioni 5 kwa Banki Kuu, na inapaswa kutuma milioni 8. Amri inabaki kwenye mustari. Banki hiyo inangojea milioni 6 kutoka banki ya pili, nayo ya pili haina kitu, inangojea zile 8. Kila mmoja anamungojea mwenzake. Ndiyo maana mashini hutafuta amri zinazoelekeana na kuziandika kwa pamoja: hapa banki ya kwanza itatoa milioni 2 tu. Isipopatikana njia, banki inaomba mukopo wa siku hiyo kwa Banki Kuu na kuweka rehani.

Siku ile ya London, banki hazikukosa feza. Mwisho wa juma, wafanyakazi walikuwa wakiondoa banki moja katika mashini. Kazi hiyo iligusa kosa lililojificha katika mabadiliko ya mwaka 2013 na 2014, na mashini ikasimama tangu asubui. Malipo ya lazima zaidi yaliandikwa kwa mikono. Mashini ilirudi karibu saa tisa na nusu ya mchana, wakati ilibaki chini ya saa moja kufunga.

Hapo Banki Kuu ilisongeza saa ya kufunga mpaka saa mbili ya usiku. Malipo zaidi ya elfu 140, yenye karibu miliari 289 za paundi, yaliisha siku hiyohiyo. Lakini ofisi za wanasheria na wauzaji zilikuwa zimefungwa, na wengine walilala bila nyumba mpya.

Kwa hiyo, mutu anayengojea feza ya haraka asiulize tu kama banki imetuma. Aulize: amri imekwisha kuandikwa kwa Banki Kuu, ao ingali kwenye mustari? Ikiwa ingali kwenye mustari, muuzaji bado hana feza, hata kama hesabu ya mununuzi imekwisha kukatwa.