Taa Inayopepesa Haiaminiki

Tuchukue maabara ya hospitali yenye lengo hili: majibu tisa kati ya kila kumi yatoke ndani ya saa moja. Kila robo saa kompyuta huangalia sampuli 50 za mwisho na kuwasha rangi kwenye skrini ya ukutani. Zikiwahi 45 au zaidi, taa ni ya kijani. Kuanzia 40 hadi 44 ni njano. Chini ya 40 ni nyekundu: simu ya msimamizi hulia, na mtaalamu mmoja zaidi huitwa kusaidia.

Kijani kinatokana na lengo lenyewe. Nyekundu ndiyo yenye kazi. Ikianzia 44, simu italia kutwa na watu wataizoea. Ikianzia 30, itaamsha watu wagonjwa wakiwa wameshasubiri mno. Njia ya kuupima mpaka ni kurudi kwenye kumbukumbu za miezi iliyopita, kuhesabu nyekundu ingewaka mara ngapi, kisha kuuliza ni mara ngapi msaada ulihitajika kweli.

Hata mpaka ukiwa mzuri, kuna kero nyingine. Tuseme asubuhi moja hesabu zinakuja hivi: 41, 39, 40, 39, 40, 42. Rangi nazo: njano, nyekundu, njano, nyekundu, njano, njano. Simu imelia mara mbili ndani ya saa moja, ilhali maabara haikubadilika. Kilichobadilika ni sampuli moja au mbili tu, na katika 50 sampuli moja ni asilimia 2 nzima. Mara ya tatu msimamizi ataizima simu.

Dawa yake imo kwenye friji ya nyumbani. Friji haiwashi na kuzima mota kwenye joto lilelile. Huwasha joto likipanda hadi kiwango fulani, na huzima likishuka chini zaidi ya hapo. Nasi tuiwekee taa mipaka miwili: iingie nyekundu chini ya 40, lakini isitoke mpaka ifike 42. Sasa hesabu zilezile zinatoa njano, kisha nyekundu mara nne mfululizo, kisha njano. Simu inalia mara moja.

Upana wa pengo hilo upimwe siku ya kawaida. Hesabu ikiyumba kwa sampuli moja juu na chini, pengo la mbili au tatu latosha. Ukilitanua mno, taa itabaki nyekundu muda mrefu baada ya hali kutengemaa. Tena kompyuta lazima ikumbuke rangi iliyotangulia, maana 40 sasa inaweza kuwa njano au nyekundu kulingana na ilikotoka. Jambo hilo liandikwe chini ya skrini, asije mtu akadhani mashine imekosea.

Ukiona taa inabadilika rangi kutwa nzima na kazi ni ileile, kagua mipaka kabla ya kuwalaumu wafanyakazi.