Slaidi Moja ya Jumatatu

Katika ofisi nyingi, anayeandaa slaidi ya kikao cha Jumatatu hufungua ile ya wiki iliyopita, akabadili tarehe, akaongeza mistari miwili mitatu chini, basi. Miezi miwili ikipita, slaidi imejaa mpaka pembeni, na lile jambo jipya limezama kati ya yale ambayo wote wanayajua.

Upo utaratibu mwingine: slaidi ni moja, nayo hubeba yaliyobadilika tu. Kila mstari unasema jambo lilikuwa wapi, sasa liko wapi, na kwa nini.

Tuseme ni Saccos inayohamishia daftari za wanachama kwenye kompyuta. Jumatatu tarehe 3 timu iliripoti kwamba akaunti 400 kati ya 1,200 zimeingizwa, mafunzo ya makarani ni tarehe 12, mashine ya risiti imeagizwa na mkataba wa intaneti umesainiwa. Slaidi ya tarehe 10 ina mistari miwili:

Akaunti: 400 → 650. Karani mmoja ameongezwa.
Mafunzo: tarehe 12 → 19. Ukumbi una mkutano mkuu.

Mkataba hautajwi tena, maana ulishaisha. Mashine nayo haimo, kwa kuwa bado inasubiriwa. Maneno kama “kazi inaendelea vizuri” hayana nafasi hapa. Wiki ijayo utayalinganisha na nini?

Ila hiyo mashine ndiyo mtego wenyewe. Kazi iliyokwama haibadiliki, kwa hiyo inaweza kukaa mwezi mzima bila kuonekana, na kila mtu akadhani mambo ni shwari. Kinga yake ni kuwa na orodha ya kazi zote nje ya slaidi, kila kazi na tarehe yake ya kutarajiwa. Kabla ya kikao, mwandaaji anaipitia orodha hiyo. Tarehe ikipita kimya, hilo lenyewe ni badiliko. Kama mashine ilikuwa ifike tarehe 14, slaidi ya tarehe 17 itaandika: “Mashine ya risiti: ilitarajiwa tarehe 14 → haijafika. Mhasibu anampigia muuzaji leo.” Jina la anayefuatilia lisikosekane.

Slaidi za zamani zisifutwe. Kwenye PowerPoint, bonyeza Ctrl+D kunakili ya wiki iliyopita, iburute nakala iwe ya kwanza, kisha ufute mistari yote kabla ya kuandika mipya. Ni hatua ndogo, lakini wengi huiruka, na mistari ya zamani hurudi kwa mlango wa nyuma. Aliyekuwa likizo atafungua faili na kurudi nyuma wiki anazozitaka. Bodi ikitaka picha nzima ya mradi, ipewe ile orodha. Slaidi hii haikuundwa kwa kazi hiyo.

Na wiki ambayo hakuna kilichosogea wala tarehe iliyopita, kiongozi atume ujumbe wa mstari mmoja, kikao kiahirishwe.