Namba Hii ni ya Nchi Gani?

Tuchukue hoteli ya ufukweni Nungwi, Zanzibar, iliyotunza namba za simu za wageni wake kwa miaka kadhaa. Zimefika elfu nane, zote katika kolamu moja ya Excel. Nyingine wageni waliziandika wenyewe kwenye fomu, nyingine zilinakiliwa kutoka WhatsApp, na nyingine zilipigwa haraka haraka na wahudumu wa mapokezi huku mgeni amesimama na mizigo yake. Mwenye hoteli anataka kujua jambo moja tu: wageni hawa wametumia namba za nchi gani?

Kwa mtu wa Afrika Mashariki jibu la kwanza ni kutazama tarakimu tatu za mwanzo. 255 ni Tanzania, 254 Kenya, 256 Uganda, 250 Rwanda, 257 Burundi. Huku kwetu njia hiyo inafanya kazi. Lakini Uingereza ni 44, tarakimu mbili, na Marekani ni 1, tarakimu moja. Kanuni ya kimataifa iitwayo E.164, inayosimamiwa na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu (ITU), inaruhusu msimbo wa nchi uwe na tarakimu moja, mbili au tatu, na namba nzima isizidi tarakimu 15.

Misimbo hiyo yenyewe imepangwa kwa uangalifu, kiasi kwamba hakuna msimbo mmoja ulio mwanzo wa mwingine. Kwa kuwa 27 ni Afrika Kusini, hakuna nchi iliyopewa 270 wala 275. Taabu inatokana na nchi zinazotumia msimbo mmoja kwa pamoja. Msimbo 1 si wa Marekani peke yake. Kanada imo, na visiwa vingi vya Karibi vimo pia: Jamaika ni 1876, Bahama ni 1242. Msimbo 7 ni wa Urusi na Kazakistani, na namba za Kazakistani huanza na 76 au 77. Karibu na kwetu upo 262, wa kisiwa cha Reunion na wa Mayotte. Komoro wana 269, na Mayotte waliitumia pamoja nao hadi 2007 walipohamishiwa 262. Leo simu ya mkononi ya Mayotte huanza na 262639, na ya mezani na 262269. Anayesoma tarakimu tatu tu atawaandika watu wote wa Mayotte kuwa wa Reunion.

Kwa hiyo sheria ya kufuata ni hii: katika orodha ya misimbo, tafuta mwanzo mrefu kuliko yote unaolingana na namba. Namba inayoanza na 262639 inalingana na 262, na inalingana pia na 262639. Wa pili ndio mrefu zaidi, basi jibu ni Mayotte. Namba inayoanza na 262692 inalingana na 262 pekee, basi ni Reunion.

Wengi wanaolijua hilo hukimbilia njia ya mkato yenye hatari. Wanapanga orodha ya misimbo kuanzia mdogo, kisha wanatumia VLOOKUP ile ya kukadiria, inayomalizikia kwa TRUE. Fomula hiyo haiulizi kama mwanzo unalingana. Inatafuta tu msimbo wa mwisho usioizidi namba kwa mpangilio. Sasa tazama mgeni wa Toronto, ambaye namba yake inaanza na 1416. Tuseme orodha ya hoteli ina msimbo 1 wa Marekani na visiwa vya Karibi, ila namba za maeneo ya Kanada hazimo. Katika orodha hiyo, kabla ya 1416 kuna 1345, Visiwa vya Cayman, na baada yake kuna 1441, Bermuda. Fomula itasimama kwenye 1345 na kumwandika mgeni huyo kuwa wa Cayman, bila onyo lolote wala seli nyekundu. Mwenye hoteli akiona Wacayman mia mbili kwenye ripoti, anaweza hata kuanza kupanga matangazo ya kuwavutia.

Fomula ninayoipendekeza inaulizia ulinganifu kwa kila msimbo. Tuseme orodha iko kwenye shiti iitwayo Misimbo, misimbo katika kolamu A na majina ya nchi katika kolamu B, na namba iliyokwisha safishwa iko katika seli C2:

```
=LOOKUP(2,1/(LEFT(C2,LEN(Misimbo!$A$2:$A$320))=Misimbo!$A$2:$A$320),Misimbo!$B$2:$B$320)
```

Inatisha kuitazama, lakini inachofanya kinaeleweka. Kwa kila msimbo inakata kutoka kwenye namba tarakimu nyingi sawasawa na urefu wa msimbo huo, kisha inauliza: vinalingana? Panapolingana, 1 inagawanywa kwa kweli na kutoa 1. Pasipolingana, 1 inagawanywa kwa sifuri na kutoa kosa. LOOKUP inatafuta 2, haiipati popote, inayaruka makosa yote na kurudi na 1 ya mwisho kabisa katika orodha. Ndiyo maana orodha lazima ipangwe kuanzia mdogo: 262 ikitangulia 262639, ulinganifu wa mwisho ndio mrefu kuliko yote. Mtu akiongeza msimbo 1 mwishoni mwa orodha bila kuipanga upya, papo hapo Wajamaika wote watageuka Wamarekani.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kwenye orodha hiyo. Misimbo iwe maandishi, si namba. Ikiwa namba, hakuna kitakacholingana na kila seli itatoa #N/A. Na masafa ya fomula yasiwe na safu tupu hata moja. Seli tupu ina urefu wa sifuri, na mwanzo wenye urefu wa sifuri unalingana na namba yoyote duniani. Safu tupu ikiwa mwishoni, namba zote elfu nane zitapewa jibu 0. Kwa hiyo 320 iliyo kwenye fomula ibadilishe iwe safu ya mwisho ya orodha yako halisi.

Urefu wa orodha unategemea unataka kujua nini. Kama Kanada inakuhusu, lazima namba za maeneo yake zote ziandikwe moja moja, 1416, 1604, 1514 na nyinginezo, kwa sababu Marekani inashikiliwa na 1 tupu, nayo hubeba kila kisichotajwa. Maeneo mapya huongezwa mara kwa mara, na hata nchi: Sudan Kusini ilipewa 211 mwaka 2011. Orodha ya zamani haitasema kwamba imezeeka.

Hata hivyo, makosa mengi hutokea kabla fomula haijaandikwa, nami nayaogopa haya kuliko yote. Excel ikiona 0713 na tarakimu zake nyingine sita katika seli ya kawaida, huichukulia kuwa hesabu na kuifuta sifuri. Inabaki namba inayoanza na 713, na mwanzo mrefu kuliko yote unaolingana nayo ni 7. Fundi wa magari wa Mwanza amekuwa Mrusi. Iliyokuwa 0773 inakuwa ya Kazakistani, iliyokuwa 0655 inakuwa ya Singapuri, na iliyokuwa 0621 inakuwa ya Indonesia. Ukiona ripoti imejaa nchi hizo, usishangilie soko jipya. Hesabu urefu kwanza. Namba kamili ya Urusi au Kazakistani ina tarakimu 11. Namba ya Tanzania iliyopoteza sifuri ina tisa. Kolamu ya pembeni yenye `=LEN(C2)` inazifichua zote kwa kuchuja mara moja. Zilizo na tarakimu tisa au pungufu zitenge zikaguliwe na mtu, zisifutwe, maana zipo nchi ndogo zenye namba fupi kihalali.

Hasara nyingine hairudishiki. Namba ya tarakimu 12 katika seli ya kawaida huonekana kama 2.55713E+11. Ndani ya Excel namba bado ni nzima, lakini faili likihifadhiwa kama CSV katika hali hiyo, kinachohifadhiwa ni kile kinachoonekana, na tarakimu za mwisho zimekwisha. Nchi utaijua, ila mgeni huwezi tena kumpigia. Kinga ni kuifanya kolamu kuwa Text kabla ya kuleta data.

Kusafisha nako kufanywe katika kolamu ya pembeni. Ukifuta nafasi kwa Ctrl+H kwenye seli za kawaida, Excel huisoma seli upya na kuimeza sifuri ileile. Ni salama zaidi kuiacha kolamu A ilivyo na kuandika hivi katika B2:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,"(0)","")," ",""),"-",""),"+","")
```

Ile "(0)" imetangulia kwa sababu. Waingereza hupenda kuandika +44 (0), na sifuri hiyo ikibaki, namba ya mezani ya Jersey, inayotambulika kwa 441534, itasomeka 4401534 na kuhesabiwa Uingereza. Kisha katika C2 ondoa sifuri za kupigia nje ya nchi. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia 000, nchi nyingi nyingine 00:

```
=IF(LEFT(B2,3)="000",MID(B2,4,20),IF(LEFT(B2,2)="00",MID(B2,3,20),B2))
```

Namba zitakazobaki zikianza na sifuri moja zitatoa #N/A, na hilo ni jibu sahihi. 0712 ipo Kenya na ipo Tanzania, zote zikiwa na tarakimu kumi. Hakuna fomula itakayozitofautisha. Kitakachosaidia ni kumbukumbu nyingine, kama nchi ya pasipoti au ofisi iliyopokea nafasi ile. Kuzipa zote 255 kwa kuwa hoteli iko Zanzibar ni kubahatisha.

Kisha kuna mpaka ambao hata kazi safi kabisa haiuvuki. Namba inataja nchi iliyotoa laini, haitaji makazi ya mtu. Mzanzibari anayeishi Maskati anaweza kuwa na WhatsApp ya 255 hadi leo, na mtalii wa Kiitaliano anaweza kuacha namba ya laini aliyonunua uwanja wa ndege wa Unguja. Kwa hiyo kolamu ya ripoti iitwe "nchi ya namba", isiitwe "nchi ya mgeni". Na unapomkabidhi mwenye hoteli hesabu yako, chini ya jumla ya kila nchi mwandikie pia ni namba ngapi zilikosa jibu na ngapi zilitengwa kwa ufupi wake, ili ajue jibu lake limesimama juu ya namba ngapi kati ya zile elfu nane.