Bajaji ya umeme inapoishiwa nguvu saa nane mchana

Bajaji iliyokuwa ikitoka alfajiri na kurudi usiku kwa chaji moja sasa inaanza kuzubaa saa nane mchana. Kimlima kidogo tu inalalamika, na jioni abiria wanapotoka kazini, yenyewe iko kwenye soketi. Kijiweni hukumu hutolewa haraka: betri imekufa. Mwenye chombo anaulizia bei ya betri mpya, anapiga hesabu, na ugomvi na deiwaka wake unaanzia hapo.

Kabla ya kununua chochote, kuna jambo moja la kupima ambalo halihitaji fundi: uniti za umeme zinazoingia usiku, zikilinganishwa na kilomita zinazotoka mchana.

Tuchukue bajaji ya aina ileile ya bei nafuu iliyojaa miji ya kaskazini mwa India, yenye betri nne za maji za volti 12, zilizofungwa mfululizo kupata volti 48. Kila betri ni ya ampea-saa 100. Kwa hesabu ya karatasini, zote nne zinabeba uniti 4.8. Dereva mwenye busara hazimalizi zote. Akitumia uniti 3.8 hivi, na kila kilomita ikila sehemu ndogo ya uniti, kama wati-saa 48, anapata kilomita 80 kwenye barabara tambarare. Usiku chaja itavuta ukutani zaidi ya uniti 5 kidogo, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kama joto kwenye chaja na ndani ya betri. Mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi inaonyesha hesabu hiyo. Asiyekuwa nayo anaweza kusoma LUKU jioni na asubuhi, mradi pasi na friji havipo kwenye hesabu.

Sasa kilomita zikishuka, uniti nazo zinasema jambo.

Ikiwa bajaji bado inakula uniti 5 usiku lakini inarudi na kilomita 60 badala ya 80, betri ni nzima. Umeme unaliwa barabarani, na mtuhumiwa wa kwanza ni mzigo. Kanuni za India zinaruhusu chombo cha aina hii abiria wanne na mizigo isiyozidi kilo 40, kwa mwendo usiozidi kilomita 25 kwa saa. Bajaji yenyewe ikiwa na kilo 300, dereva na abiria wanne wanaifikisha kwenye kilo 630 hivi. Ongeza abiria wawili waliobanana na dereva na gunia la mchele nyuma, unakaribia kilo 840. Kwa mwendo wa taratibu upepo haulaumiwi sana. Kinachokula umeme ni matairi yanayosaga lami, milima, na kuondoka upya kila kituo, na vyote hivyo hupanda pamoja na uzito. Theluthi moja ya uzito wa ziada inaweza kula karibu robo ya safari.

Betri za maji zina tabia nyingine inayozidisha hasara. Ukizikamua kwa nguvu hutoa umeme kidogo kuliko zikitumiwa polepole. Kwa hiyo bajaji iliyojazwa na kupandishwa mlima inalipa mara mbili. Njia ya kuthibitisha ni rahisi: siku moja ya abiria wa kawaida, matairi yakiwa na upepo wa kutosha na breki hazishiki. Kilomita zikirudi, hakuna betri iliyokufa.

Hali ya pili ni mbaya zaidi. Uniti zimeshuka pamoja na kilomita: usiku zinaingia 3 na nusu, chaja inawasha taa ya kijani mapema, na mchana bajaji inaishia kilomita 50. Hapa betri imepungua tumbo, na kisa cha kawaida ni chaja isiyojaza. Betri ya risasi ikikaa bila kujazwa kabisa, fuwele nyeupe huganda kwenye sahani zake, zikakomaa, na sehemu hiyo ya sahani haifanyi kazi tena. Hili halitokei kwa usiku mmoja. Hutokea kwa wiki nyingi za kuchomoa waya saa kumi alfajiri kuwahi abiria wa kwanza.

Hali ya tatu ni kinyume chake: uniti 7 zinaingia, kilomita ni chache, betri asubuhi ni za moto, na maji yanapungua kila baada ya siku chache. Chaja haijui kuacha. Umeme wa ziada unayachemsha maji ya betri na kuyageuza gesi.

Chaja inapimwa kwa multimita ya kawaida kwenye vichwa vya kwanza na vya mwisho vya mfululizo huo, yaani volti 48 zote. Kwa betri za maji, volti zinapanda taratibu hadi kati ya 57 na 59, zinakaa hapo saa kadhaa, kisha chaja nzuri inashuka yenyewe hadi 54 au 55 hivi. Ambayo haivuki 56 hata baada ya usiku mzima inaziacha betri na njaa. Inayoganda juu ya 59 hadi asubuhi inazipika, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa inazipika haraka zaidi. Kibandiko cha «48V 15A» hakithibitishi lolote kati ya haya.

Ratiba ya usiku inatokana na saa, na saa hazibembelezwi. Chaja ya ampea 15 hurudisha sehemu kubwa ya umeme kwa saa tano au sita, lakini sehemu ya mwisho, ile inayozuia fuwele, inahitaji saa nyingine tatu au nne huku mkondo ukipungua. Dereva anayefika nyumbani saa mbili na nusu aache betri zipoe kama nusu saa, achomeke saa tatu, na asichomoe kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Maji safi ya betri, si ya bomba, huongezwa baada ya kuchaji, isipokuwa sahani zikiwa zimeachwa wazi. Ukijaza kabla, asidi hupanda na kumwagika. Na pahali pawe na hewa, kwa sababu gesi inayotoka inalipuka. Kuchajia kwenye chumba wanacholala watoto ni hatari kubwa kuliko wizi wa betri unaoogopwa.

Bajaji inayopokezanwa na madereva wawili, mchana na usiku, haiwezi kutimiza saa hizo. Mwenye chombo wa namna hiyo ama ana seti mbili za betri, ama ananunua lithiamu, ambayo haidhuriwi na kujazwa nusu. Lakini lithiamu inadai chaja yake. Ile ya zamani ya betri za maji isihamishwe tu.

Kabla ya kununua seti nzima, kazi moja imebaki. Bajaji ikitoka kazini, ikiwa imepumzika saa moja, pima kila betri peke yake. Tatu zikisoma 12.1 na moja 11.4, hiyo moja ndiyo inayowasimamisha wenzake. Kubadilisha moja tu kunafaa ikiwa seti bado changa. Kwenye seti ya mwaka mzima, betri mpya hujaa baada ya nyingine, nyingine zinaendelea kuchemka zikisubiri, na baada ya miezi michache mwenye chombo yuko dukani tena.