Marehemu aliyehamisha akaunti

Aprili 2016, Rais John Magufuli alimwondoa kazini Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga, Anne Kilango Malecela, ambaye hakuwa amemaliza hata mwezi kwenye kiti. Mkoa ulikuwa umeripoti kwamba hauna mtumishi hewa hata mmoja. Rais akatuma watu wake wakahakiki, wakarudi na majina 45. Wengi tuliofuatilia sakata lile tulibaki na picha ya majina ya kubuni, watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Ukweli ni kwamba mtumishi hewa wa kawaida si mtu wa kubuniwa. Ni mtu aliyekuwapo kweli, akafariki, akastaafu au akaacha kazi, na jina lake likaachwa liendelee kula mshahara. Kumbuni mtu mpya kunahitaji barua ya ajira, faili na namba ya NIDA. Kumwacha aliyeondoka hakuhitaji chochote, kunataka tu mtu mmoja asifanye kazi yake.

Ndiyo maana mkaguzi mzoefu haanzi kwa kutafuta hewa. Huanza kwa kutazama mikono. Kwenye mishahara kuna kazi nne ambazo hazitakiwi kukutana kwa mtu mmoja: kuingiza au kuondoa jina na akaunti ya benki, kukokotoa mshahara, kuidhinisha, na kutuma fedha benki. Afisa utumishi anajua nani yupo na nani hayupo, lakini hagusi fedha. Mhasibu anagusa fedha, lakini hana ruhusa ya kuongeza jina. Mmoja akitaka kuiba, lazima amshawishi mwenzake, na hapo ndipo wengi huogopa.

Kwenye karatasi, karibu kila ofisi ina mgawanyo huu. Umechorwa vizuri ukutani, kila mtu na kisanduku chake. Kazi ya mkaguzi ni kupima kama mchoro ule na kompyuta vinasema kitu kimoja.

Tuchukue kiwanda cha mazulia ya katani. Si kiwanda cha kweli, nimekiunda kwa mambo yanayojirudia kwenye kazi hii, na namba zake ni za mfano. Kina wafanyakazi mia tatu na ushee. Mkaguzi wa ndani amefika Aprili, na anachokikagua ni mshahara wa Machi.

Jambo la kwanza analoomba si orodha ya mishahara. Anaomba orodha ya watu wote wenye nywila ya kuingia kwenye mfumo wa mishahara, na kila mmoja anaruhusiwa kufanya nini humo. Orodha hii anaitaka itoke kwenye mfumo mbele ya macho yake, asiletewe iliyokwisha kuchapwa. Kisha anakwenda kukaa pembeni ya karani wa mishahara na kumwambia, "Dada, hebu nionyeshe ungefanyaje kama ungetaka kubadilisha akaunti ya mtu." Karani anabofya, ukurasa unafunguka, na kitufe cha kuhifadhi kinawaka. Mkaguzi anamzuia asibofye. Ameshajibiwa: kazi ambayo mchoro unasema ni ya utumishi peke yake, karani wa mishahara naye anaiweza.

Bado huo si wizi. Ni mlango usiofungwa. Ofisi nyingi huacha milango ya namna hii kwa sababu za kibinadamu kabisa, kwamba mtu anaumwa, mwingine yuko likizo, na mishahara haiwezi kungoja. Swali linalofuata ni kama kuna aliyepita.

Hapo ndipo orodha inaingia. Machi walilipwa watu 386. Daftari la utumishi lina watu 381 waliopo kazini. Tofauti ni watano, na mkaguzi mchanga angewatafuta hao watano. Mzoefu anajua kuwa tofauti ya jumla hudanganya, kwa hiyo anapanga majina ubavuni kwa ubavu, moja baada ya jingine. Kumbe wanaolipwa bila kuwa kwenye daftari la utumishi ni wanane, na walio kwenye daftari bila kulipwa ni watatu. Hao watatu ni rahisi: wawili wako likizo bila malipo, mmoja ameanza kazi baada ya hesabu za mwezi kufungwa. Kati ya wale wanane, watatu ni wapya ambao barua zao bado ziko mezani kwa afisa utumishi, na wawili wamehamishwa kutoka tawini. Mmoja aliacha kazi Februari, na fedha ya Machi ni malipo ya siku zake za likizo. Wanabaki wawili. Mmoja ni mfumaji aliyefariki katikati ya Novemba. Mwingine ni fundi mashine aliyeaga mwishoni mwa Desemba.

Wakati huohuo mkaguzi anatafuta akaunti za benki zinazojirudia. Kipimo hiki kina nguvu kwa sababu moja. Jina la hewa ni la bure, lakini akaunti si ya bure. Benki inataka kitambulisho na mtu mwenyewe, hivyo mwizi mwenye majina mawili mara nyingi ana akaunti moja tu. Kwenye Excel fomula ni fupi, tukichukulia namba za akaunti ziko safu ya F:

```
=COUNTIF(F:F,F2)
```

Ukiiburuta hadi chini, kila mstari unaotoa zaidi ya 1 ni akaunti inayolipwa zaidi ya mara moja. Kwa kiwanda chetu inatoa jozi moja tu, mume na mke wanaofanya kazi idara tofauti na kutumia akaunti ya mume. Wameitwa, wamekuja wote wawili na vitambulisho. Jambo hilo halivutii kiutawala, lakini si uhalifu.

Mkaguzi haridhiki, na hapa niseme kidogo kuhusu namba za akaunti, maana zimewapotosha wengi. Excel ikizichukua kama hesabu za kawaida hufuta sifuri za mwanzo, na tarakimu zikizidi 15 huzigeuza zilizozidi kuwa sifuri. Namba mbili tofauti zinaweza kuonekana moja. Kinyume chake, nafasi moja tu ikiachwa katikati ya namba inatosha kuifanya akaunti ileile ionekane mbili. Kwa hiyo safu inaingizwa kama maandishi, kisha nafasi zinaondolewa kwanza:

```
G2:  =SUBSTITUTE(F2," ","")
H2:  =SUMPRODUCT(--(G:G=G2))
```

Sasa jozi ya pili inajitokeza: mfumaji marehemu na fundi mashine aliyeaga, wote wawili kwenye akaunti moja.

Mkaguzi anavuta hati zao za mshahara za miezi sita. Mfumaji alikuwa na mkopo wa SACCOS, akikatwa 60,000 kila mwezi. Desemba makato yakakoma, na mwezi huohuo akaunti yake ikabadilika. Kati ya dalili zote, hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Mfanyakazi aliye hai ana madeni, michango na bima, anaomba likizo, anaugua. Hewa hana mkopo wala haendi likizo, na mwaka mzima haji dirishani kuulizia kitu. Dalili moja peke yake haitoshi, kwani wapo wanaoishi bila mkopo. Mkopo kukoma na akaunti kubadilika mwezi mmoja ni jambo la kuandikwa kwa wino mwekundu.

Meneja wa fedha, aliyetia saini kila mwezi, anashangaa. Anasema jumla ilikuwa sawa kila mara. Ni kweli ilikuwa sawa. Yeye aliidhinisha jumla ya fedha na idadi ya watu, na vyote viwili havikubadilika, kwa sababu jina halikuongezwa na mshahara haukupandishwa. Kilichobadilika ni sehemu fedha inakokwenda, na hiyo haionekani kwenye jumla. Kama angelinganisha faili la benki la Desemba na la Novemba, mstari kwa mstari, akaunti zilizobadilika zingekuwa chache za kumaliza kabla chai haijapoa, na kila moja angeidai fomu yenye saini ya mwenye mshahara. Marehemu asingeweza kuitia.

Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha nani alibadilisha akaunti. Mara zote mbili, tarehe 18 Desemba na 21 Januari, saa mbili kasoro usiku, jina ni lile moja: `mshahara2`. Ni jina la karani wa pili. Dada huyo alikuwa kwenye likizo ya uzazi ya siku 84, iliyoanza tarehe mosi Desemba. Alipoondoka aliacha nywila yake kwenye kikaratasi "ili mishahara isikwame". Hapo mgawanyo wote wa majukumu ukafa, bila mtu kubadilisha hata mstari mmoja kwenye ule mchoro wa ukutani.

Kumbukumbu ya mfumo hutaja jina la mtumiaji, haitaji mkono. Mkaguzi anaomba daftari la mlinzi wa getini. Desemba, waliotoka baada ya saa mbili usiku ni mhasibu, fundi wa kompyuta na mameneja wawili. Januari ni mhasibu na mfagizi. Mhasibu ndiye pia anayetuma faili la benki. Akaunti ni ya nani hasa, mkaguzi hana mamlaka ya kuiuliza benki, hiyo ni kazi ya polisi. Yeye anaandika kiasi: mfumaji miezi minne kwa 540,000, fundi miezi mitatu kwa 610,000, jumla 3,990,000.

Kuna watakaouliza kwa nini hawakuwaita tu watu wote uwanjani na kuwahesabu. Kuhesabu vichwa kunafaa, ila kuna namna. Ukimchukua mtu aliye kwenye mashine ukaenda kulitafuta jina lake kwenye orodha, utalikuta, na hewa atakuwa salama. Lazima uanze na jina kwenye orodha ndipo umtafute mtu, mwenye kitambulisho, bila taarifa ya jana yake. Hata hivyo utakutana na "yuko safari", na yuko safari wako ni wengi. Hesabu hiyo pia haimkamati anayekuja siku ya uhakiki tu, wala haiwezi kitu pale utumishi na uhasibu wanapokula sahani moja.

Kabla ya kufunga ripoti, mkaguzi anapitia hati za malipo madogo za Novemba. Kati ya mafuta ya jenereta na karatasi za chooni anakuta rambirambi ya shilingi 300,000 kwa familia ya mfumaji. Imeandaliwa na kulipwa na mhasibu, ambaye ndiye aliyeipeleka msibani kwa niaba ya kiwanda.