Tangazo la redio likigeuzwa video: mikono ifanye, mdomo unyamaze

Msikilizaji, huenda ulilisikia tangazo la mifuko ya kuhifadhia mahindi msimu uliopita. Wanawake wawili wanaongea, huku mahindi yakisikika yakimiminwa. Maneno yake yalikuwa haya:

ASHA: Shoga yangu Rehema, mbona leo unamimina mahindi kwenye mfuko wenye nailoni mbili ndani?
REHEMA: We Asha, mwaka jana dumuzi walinimalizia gunia tatu! Sasa natumia mfuko usiopitisha hewa. Naujaza, naukandamiza hewa itoke, halafu naufunga vizuri.
ASHA: Na dawa je?
REHEMA: Dawa ya nini? Hewa ikiisha humo ndani, wadudu wanakufa wenyewe.

Baada ya hapo sauti ya mtangazaji ilitaja duka na kurudia namba ya simu mara mbili. Baadaye mwenye duka akaja akitaka tangazo hilohilo liwe video ya kutumiana kwenye simu. Alileta pia malalamiko. Wateja kadhaa walikuwa wamerudi kwake na mahindi yaliyobunguliwa, wakisema mifuko ni feki. Alipowauliza waliifungaje, wakamwonyesha: walishika nailoni zote mbili pamoja na kiroba cha nje, wakakaza kamba moja. Mfuko wa namna hii una tabaka tatu na kila tabaka hufungwa peke yake. Tangazo letu lilisema "naufunga vizuri" tu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la uvivu. Tuliwasimamisha wanawake wawili mbele ya mfuko, tukawapiga video wakisema maneno yaleyale. Ikawa redio yenye sura. Rehema anasema "naukandamiza", na mtazamaji anamwona akikandamiza. Asha anamwita Rehema kwa jina na Rehema anajibu kwa jina, wakati wote tunawaona. Kwenye redio majina hayo yana kazi, kwa sababu bila hayo msikilizaji hajui nani anaongea. Hata swali la Asha liliwekwa ili msikilizaji ajue kuna mfuko mahali hapo na ndani yake mna nini. Kwenye video mfuko uko mbele ya macho, kwa hiyo swali halina kazi tena.

Mara ya pili tulianza na kalamu. Chini ya kila neno ambalo jicho linaweza kuliona tulipiga mstari: kumimina, nailoni mbili, kujaza, kukandamiza, kufunga. Yale ambayo jicho haliwezi kuyaona tuliyazungushia duara: mwaka jana, hewa kuisha, wadudu kufa, duka liko wapi. Ya mstari yakatoka mdomoni yakaenda mikononi. Ya duara yakabaki kwenye sauti, au yakatafutiwa picha.

Kazi kubwa ilikuwa neno "kufunga". Kuliandika ni herufi chache, kulionyesha ni vitendo vitano. Mikono inakusanya shingo ya nailoni ya ndani. Inaisokota mpaka ikaze kama kamba. Inaikunja chini kama kitanzi. Inazungusha kamba na kukaza. Kisha inaanza upya kwa nailoni ya pili, na mwisho kwa kiroba cha nje. Simu tuliisogeza karibu mpaka vidole na shingo ya mfuko vikajaza kioo. Ukipiga kwa mbali ukaonyesha mtu mzima na ukuta wa nyumba, mtazamaji ataona mwanamke ameinama tu.

Hapo picha ikatuuliza jambo ambalo maneno hayakuwahi kutuuliza. Mama aliyekuwa akituigizia alijaza mfuko hadi mdomoni, shingo ikakosa nafasi ya kusokotwa. Ikabidi apunguze mahindi, tuanze tena. Redioni "naujaza" ilipita bila mtu kushtuka. Mfuko wenyewe nao ulikuwa chini kwenye udongo. Mtazamaji huiga anachokiona hata kama hukukusudia kumfundisha, kwa hiyo tukauweka juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta. Kwenye skripti ya redio hapakuwa na chaga wala ukuta.

"Mwaka jana dumuzi walinimalizia" ni jambo lililokwisha pita, huwezi kulipiga video leo. Lakini alama zake zipo. Tuliomba mahindi yaliyobunguliwa, mkono ukayachota, unga ukachuruzika katikati ya vidole. Sekunde 4, bila neno hata moja. Mkulima yeyote anajua huo unga umetoka wapi.

Kufa kwa wadudu ndiko kulikotusumbua. Ndani ya mfuko uliofungwa kamera haioni kitu. Mwenye duka alipendekeza tufungue mfuko mpya wenye mahindi mapya, tuandike "baada ya miezi 6". Nilikataa. Redioni Rehema na Asha ni waigizaji, na kila msikilizaji anajua. Picha ya mfuko ukifunguliwa mtu huichukua kuwa ushahidi. Tulisubiri mpaka mkulima mmoja alipokuwa anafungua mfuko wake mwenyewe kwa ajili ya chakula, tukapiga hapo. Sababu tuliiacha kwenye sauti, kwa kuwa hakuna picha inayoweza kuieleza: hewa ikiisha, mdudu hafiki mbali.

Skripti ya mwisho ilikuwa ya sekunde 40:

PICHA: Mkono unachota mahindi yaliyobunguliwa, unga unachuruzika.
SAUTI: Hakuna maneno.
PICHA: Mahindi makavu yanamiminwa. Viganja viwili vinakandamiza juu, shingo ya nailoni imebaki ndefu.
SAUTI: Mlio wa mahindi na nailoni.
PICHA: Karibu. Nailoni ya kwanza inasokotwa, inakunjwa, inafungwa. Kisha ya pili. Kisha kiroba. Juu ya kioo yanatokea maandishi: 1, 2, 3.
SAUTI: Rehema: "Kila mmoja peke yake."
PICHA: Mfuko juu ya chaga. Kisha mfuko uleule unafunguliwa, mahindi mazima kiganjani.
SAUTI: Rehema: "Hewa ikiisha humo ndani, wadudu wanakufa wenyewe."
PICHA: Mbele ya duka. Namba ya simu.
SAUTI: Mtangazaji anataja mahali duka lilipo.

Namba ya simu haikusomwa tena. Iliachwa kwenye kioo sekunde 8, muda wa mtu kutafuta kalamu. Tuliiweka juu kidogo, maana sehemu ya chini ya kioo mara nyingi hufunikwa na vitufe. Mlio wa mahindi hatukuuondoa. Watu wengine hufuta sauti zote wakaweka muziki, na picha inabaki kama imekatwa pumzi.

Kujua kama kazi imekamilika, tulifanya majaribio mawili. Kwanza tulizima sauti, tukampa simu kijana ambaye hakuwahi kusikia tangazo, halafu tukampa mfuko na kamba. Alifunga tabaka zote tatu, moja baada ya nyingine. Pili tuliigeuza simu kifudifudi tukasikiliza tu. Hatukuelewa kinachoendelea, na ndivyo tulivyotaka. Kama ungeelewa kila kitu kwa sikio, basi maneno bado yangekuwa yanafanya kazi ya picha.

Kwa sababu hiyo video hii haiwezi kurudishwa redioni ilivyo. Tangazo la zamani bado linaruka saa 12 jioni, ila tumebadilisha sentensi moja. Rehema sasa anasema: "Nafunga nailoni ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, kisha kiroba." Imeongeza sekunde 3, na tumezipata kwa kupunguza kicheko cha Asha.